Kichwa cha zipu au zipu nzima?

"Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Njombe. Jaketi langu ni la mtumba, zito, lina zipu ya meno ya plastiki. Zipu inapanda hadi shingoni bila shida, ila nikikaa tu kwenye pikipiki inaachia chini ya kichwa, tumbo linabaki wazi na upepo wote unaingia. Fundi wa mtaani aliibana kwa plaizi, ikashika wiki mbili, kisha ikarudia vilevile. Sasa anataka elfu kumi na tano afumue aweke zipu mpya. Jirani yangu anasema nibadilishe kichwa tu. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Msikilize jirani yako, ila kabla hujatoa hela kagua vitu viwili: meno yote ya pande zote mbili, na kile kijiti cha chini unachokichomeka kabla ya kupandisha. Vikiwa vizima, usifumue hilo jaketi.

Zile wiki mbili ndizo zinazonifanya niseme hivyo. Plaizi ya fundi wako haikugusa jino hata moja, wala haikugusa kitambaa. Ilibana kichwa peke yake, na zipu ikashika. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye meno, isingeshika hata safari moja ya stendi. Fundi alikupa jibu mwenyewe bila kulisoma.

Chukua jaketi, litenganishe pande mbili, kisha ukisogeze kichwa karibu na macho mahali penye mwanga. Upande wake wa juu, unaoelekea shingoni, una matundu mawili. Upande wa chini una tundu moja pana. Kati ya yale mawili ya juu kuna kinguzo kifupi kinachounganisha bamba la mbele na bamba la nyuma. Sasa tazama pembeni: kingo za mabamba hayo mawili zimepinda kidogo kuelekeana, na kati yake umeachwa mwanya mwembamba ambao kitambaa cha zipu kinapita lakini jino halitoki. Unapopandisha, meno ya kushoto yanaingia tundu lake na ya kulia lake, zile kingo zinayasukuma yakutane, na kwenye tundu la chini kila jino linatoka likiwa limekaa katikati ya mawili ya upande wa pili. Unaposhusha, kinguzo kile kinafanya kazi ya kabari, kinayapasua tena.

Kwa hiyo kinachofunga zipu ni kile kibano cha kingo. Kingo zikilika kwa ndani, au mabamba mawili yakiachana kwa unene wa karatasi tu, meno yanatoka chini yakiwa yamegusana bila kushikana sawasawa. Kwa macho utaona zipu imefungwa. Unapanda pikipiki, unakaa, tumbo linasukuma, na meno yaliyoshikana nusunusu yanaachia.

Na ni kawaida kichwa kutangulia kuchoka. Zipu ya jaketi yenye urefu wa sentimita 65 hivi ina meno kama mia mbili kila upande, ikiwa ni ya plastiki ya saizi ya kawaida. Ukifunga na kufungua mara 10 kwa siku, kila jino limepitiwa na kichwa mara 20. Lakini kichwa chenyewe, kikiwa kimoja, kimepitiwa na meno 8,000. Ongeza vumbi la barabara ambalo limejipaka kwenye meno na linasugua ndani ya kichwa kama msasa. Ongeza pia zile siku za baridi kali unapovuta kwa haraka, bitana ikanaswa, nawe ukaendelea kuvuta kwa nguvu. Kitambaa kilichonaswa kinapanua mabamba kwa mara moja kuliko mwezi mzima wa kufunga taratibu.

Sasa vipimo. Usikipime ukiwa umelivaa jaketi, maana ukikaa zipu yoyote mbovu itaachia tumboni, hata kama ubovu uko kwingine. Lilaze mezani, funga hadi shingoni, kisha shika pande mbili za zipu kwa vidole karibu na kiuno uvute kuelekea nje, nguvu ya wastani tu. Panda sentimita kumi, vuta tena. Panda tena hadi kifuani. Meno yakiachia mahali pengi, leo hapa kesho pale, ubovu uko kwenye kichwa, kwa sababu kichwa kimepita kote na hakikubana popote. Yakiachia mahali pamoja tu, palepale kila ukirudia, weka alama ya chaki na uanze kuyachunguza meno ya hapo.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kubahatisha. Kata karatasi ya daftari, ikunje mara kadhaa mpaka iwe inaingia kwa kujibana kwenye ule mwanya wa pembeni mwa kichwa, karibu na tundu la chini, upande wa kushoto. Kisha itoe na ujaribu mwanya wa kulia. Mara nyingi utakuta upande mmoja karatasi inabana na wa pili inacheza. Ule unaocheza ndio unaoachia meno. Jaribu pia mwanya wa juu na wa chini wa upande huohuo: kichwa kilichochoka huwa kimefunguka zaidi kwa chini, pale pale meno yanapotakiwa kubanwa mara ya mwisho. Lakini zikicheza pande zote mbili sawasawa usidhani ni nzima, inaweza kuwa zimepanuka zote.

Baada ya hapo pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye safu ya meno, kutoka chini hadi juu, upande mmoja kisha wa pili. Meno ya plastiki hayakushonwa, yamemwagiwa moja moja juu ya ukingo wa kitambaa, kwa hiyo jino likitoka utasikia pengo, na likilegea litasogea chini ya ukucha. Jino moja likikosekana juu, karibu na kola, unaweza kuishi nalo. Meno mawili yanayofuatana yakikosekana mahali popote, kichwa kipya hakitakusaidia kwa muda mrefu: hapo pana dirisha, na kila ukikaa zipu itaanzia kufunguka hapo. Jino moja kukosekana kwenye sentimita tano za kwanza kutoka chini nalo ni baya, maana ndipo jaketi linapovutwa zaidi ukikaa.

Kisha shika kile kijiti cha chini. Kinatakiwa kisimame wima na kitambaa kinachokizunguka kiwe kigumu, kwa sababu kiwandani sehemu hiyo ya mwisho hufunikwa kwa utando wa plastiki ili isikunjike. Utando ukichakaa, nyuzi zinaanza kuchomoza kama ndevu, kijiti kinayumba, na unapokichomeka kwenye kijumba chake kinaingia kimepinda. Meno ya kwanza yakianza kupishana kwa jino moja tu, zipu nzima inapanda ikiwa imeshonana vibaya. Hali hii inafanana sana na ya kwako kwa nje, lakini dawa yake siyo kichwa.

Hapo niliwahi kukosea mwenyewe, na lilinifundisha. Mama mmoja aliniletea jaketi la mwanawe wa shule ya bweni, likiachia katikati, nikaona mwanya wa kichwa umepanuka nikabadilisha kichwa papo hapo. Kwenye meza yangu lilifunga vizuri kabisa. Wiki ya pili likarudi. Nilipolikagua upya ndipo nikaona kijiti kinayumba: mimi nilikuwa nakishika kwa vidole viwili kikae wima wakati wa kuchomeka, kwa hiyo kwangu kilikubali, lakini mtoto wa miaka tisa anayekimbilia mstarini asubuhi hana muda huo. Nililazimika kufumua na kuweka zipu mpya bila kumtoza tena. Tangu siku hiyo naanza na kijiti, kisha meno, kichwa ndicho cha mwisho.

Tuseme yako imepita vipimo vyote. Kwa nini basi usirudie plaizi? Kwa sababu kichwa cha zipu hakikutengenezwa kwa waya unaokunjika. Ni madini ya zinki yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, juu yamepakwa rangi au kung'arishwa. Madini ya kumiminwa yanakubali kubanwa kidogo sana mara moja, ya pili yanaanza kupasuka kwa ndani nyufa usizoziona, ya tatu ukingo unakatika mkononi. Na kile ulichobana kinarudi kupanuka haraka kuliko mwanzo, kama ulivyoona. Fundi akizidisha, kichwa kinakuwa kigumu, unavuta kwa mikono miwili, na kitambaa cha zipu kinaanza kukatwa pembeni. Wakati huo umeshaua zipu iliyokuwa nzima.

Plaizi naitumia, lakini kama kipimo. Nashusha kichwa hadi chini, nabana ukingo wa nyuma wa kushoto kwa upole, kisha wa kulia, pale kwenye tundu la chini tu. Najaribu. Ikishika, najua ni kichwa na namwambia mteja akanunue kingine. Sibani katikati kamwe, kwa sababu katikati chini ya kishikio ndipo kilipo kijino kinachofunga kichwa kisishuke chenyewe, na kikishaminywa hakirudi.

Sasa kununua, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Geuza kichwa cha zamani utazame mgongoni. Utakuta namba, mara nyingi 3, 5, 8 au 10, na wakati mwingine herufi pembeni. Namba hiyo inakaribiana na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Majaketi mengi ya kawaida ni 5, yale mazito ya baridi kali au ya kuendeshea pikipiki huweza kuwa 8 au 10. Kama maandishi yamefutika, funga zipu na upime upana wa meno kwa rula: ikiwa ni milimita tano na nusu au sita hivi, tafuta namba 5.

Namba peke yake haitoshi. Lazima kichwa kiwe cha aina ya meno yako. Kuna meno ya chuma, kuna ya plastiki yaliyotengana moja moja kama yako, na kuna ya nailoni ambayo ni uzi mmoja mnene uliosokotwa kama springi ndefu na kushonewa kwenye kitambaa. Kichwa cha namba 5 cha nailoni na cha namba 5 cha plastiki vinafanana kwa nje, lakini nafasi ya ndani ni tofauti. Ukiviweka visivyo vyake, kimoja kitakwama na kingine kitapita bila kubana chochote. Kwenye vichwa vya YKK, kampuni ya Japani ambayo herufi zake utazikuta kwenye majaketi mengi ya mtumba, herufi V baada ya namba ni ya plastiki na C ni ya nailoni. Kwa hiyo 5VS ni ya kwako kama meno yako ni namba 5, na 5C siyo.

Hapa kwetu mtu akiambiwa kichwa cha zipu, anakimbilia kwa fundi wa mabegi. Kwa begi ni sawa, kwa jaketi ni hatari kwa sababu mbili. Vichwa vingi vya mabegi ni vya nailoni. Na hata ukipata vinavyolingana na meno, vingi havina kufuli, maana zipu ya begi imelala na haina sababu ya kujishusha. Jaketi limesimama, linavutwa na mwili kila unapopumua, kichwa kisicho na kufuli kitashuka taratibu hadi kitovuni ukiwa njiani. Kuvitofautisha ni rahisi. Chungulia ndani ya kichwa kwa tundu la chini huku ukiinua na kulaza kishikio. Cha jaketi kina kijino kidogo kinachotokeza ndani kishikio kikilala na kurudi juu kikiinuliwa. Usipokiona, kirudishe.

Kama mji wako hauna duka la vifaa vya ushonaji lenye vichwa vya plastiki, nenda kwenye mitumba ukatafute jaketi lililochanika au koti la mtoto lisilouzika, lenye meno ya aina na namba yako. Kichwa chake unakipata kwa bei ndogo, na mara nyingi ni bora kuliko kipya cha dukani kwa sababu kimetoka kwenye zipu kama yako. Pima mwanya wake kwa karatasi ileile kabla hujalipa.

Na nenda na jaketi lenyewe, siyo picha kwenye simu. Kuna jaribio unaloweza kulifanya dukani bila kukata chochote. Shika ule upande wenye kijiti. Chukua kichwa kipya, matundu mawili yakitazama juu na kishikio kikiwa nje ya jaketi, pitisha kijiti kutoka juu kwenye tundu la upande wake mpaka kitokee chini, halafu pandisha kichwa juu ya meno, ukiwa umeinua kishikio ili kufuli lisishike. Kikipita kwa ulaini bila kuyumba kushoto na kulia, saizi ni yake. Kikikwaruza au kukataa, siyo. Jaribio hili linakuonyesha pia kama kijiti kinapita, kwa sababu vipo vichwa vilivyotengenezwa kwa zipu za mabegi na mifuko, ambazo hazitengani chini, na tundu lake ni jembamba kijiti hakitoki. Ukigundua hilo nyumbani baada ya kukivisha, umepoteza jioni nzima.

Kukivisha sasa. Kichwa kinakaa upande wenye kile kijumba cha chini, yaani upande ambao kichwa hubaki ukitenganisha jaketi. Kwa chini kijumba kinakizuia kisitoke, kwa hiyo njia ya kutoka na ya kuingia ni juu tu. Pale juu, baada ya jino la mwisho, kuna kizuizi kidogo cha plastiki au cha chuma. Kama kinaonekana, una bahati. Kama ncha ya zipu imekunjwa ndani ya kola, fumua mshono wa kola kwa wembe, sentimita mbili au tatu tu, uitoe ncha nje.

Kizuizi usiking'oe kwa kuvuta. Kinavutana na kitambaa na jino la jirani linaweza kuondoka nacho. Kikate vipande kwa plaizi ya kukatia, kutoka ukingo wa nje, ukiacha upande wa kitambaa kwa mwisho, kisha toa vipande kimoja kimoja. Ni kazi ya dakika tano ukiifanya taratibu. Upande wa pili, wenye kijiti, kizuizi chake kiache kama kilivyo.

Toa kichwa cha zamani kwa kukipandisha hadi kitoke juu, huku ukiangalia kimetoka kikitazama wapi. Hapa wengi wanageuza. Kichwa kipya kinaingia kikiwa kimesimama vilevile: matundu mawili juu, tundu moja chini, kishikio nje. Kwa kuwa kinashuka kutoka juu, ncha ya kitambaa inaanza kuingilia tundu pana la chini na kutokea kwenye moja la juu, la upande uleule ulipo kwenye jaketi. Ncha ya kitambaa ikiwa imefumuka, ikate sawa na uiguse kwa moto wa kiberiti kwa nukta moja ili nyuzi zishikane, iache ipoe ndipo uipitishe. Usikaribie meno kwa moto, plastiki inayeyuka mara moja.

Shusha kichwa hadi kijumbani. Chomeka kijiti, hakikisha kimefika chini kabisa, pandisha nusu, vuta pande mbili kwa vidole kama ulivyofanya mezani. Ikishika mahali pote, rudisha kizuizi. Kama huna cha kubana cha chuma, sindano na uzi mnene vinatosha: zungusha mishono nane au kumi palepale juu ya jino la mwisho, mmoja juu ya mwingine, mpaka kiwe kifundo kisichopita kwenye kichwa. Usisahau hatua hii. Nimeona watu wanafunga hadi shingoni kwa furaha na kichwa kinatokea juu mkononi. Kisha shona kola ulipofumua.

Kama jaketi lako lina vichwa viwili, kimoja cha kufungulia kutoka chini, kazi inabadilika. Chini hakuna kijumba cha kawaida, pande zote mbili zina vijiti, na vichwa viwili vinakaa vikipeana migongo. Vyote vinaingilia juu, cha chini kikitangulia kikiwa kimegeuzwa. Hapo mwachie fundi, ila mwambie waziwazi kwamba unataka kichwa cha juu kibadilishwe, siyo zipu.

Nisimwonee fundi wako lakini. Elfu kumi na tano kwa zipu nzima ya jaketi zito siyo wizi ukiitazama kazi yenyewe. Anafumua mshono wa nje na wa ndani pande zote mbili, anaachanisha zipu na bitana, anafungua kola juu na pindo chini. Anatafuta zipu ya urefu uleule, na hapa ndipo pagumu, kwa sababu ya dukani huja ya sentimita 60 au 70 na yako inaweza kuwa 66. Ikizidi anaikata kwa juu na kuweka kizuizi kipya, ikipungua jaketi linajivuta na kukunjamana kifuani. Kisha anashona upya kwenye kitambaa ambacho tayari kina matundu ya sindano ya kiwandani. Kama ni jaketi la mvua, ambalo kwa ndani mishono yake imefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa joto, kila tundu jipya la sindano ni njia ya maji, na utepe ule harudishi mtu kwa pasi ya nyumbani. Ndiyo maana kwa jaketi la mvua hasa nasisitiza kichwa kwanza, hata kama meno yana kasoro ndogo.

Kufumua kunastahili pale tu kichwa kisipoweza kutibu: meno mawili yamefuatana kutoka, kijiti kinayumba, kitambaa kimechanika kandokando ya meno, au, kwa zipu za nailoni, ule uzi uliosokotwa umeachia kwenye mshono wake na kutokeza kama kitanzi. Kitanzi hicho hata ukikirudisha kwa sindano, kichwa kitakikamata tena. Kijiti kinachoyumba unaweza kukiokoa kwa miezi michache kwa kuloweka nyuzi zake gundi ya papo hapo, tone moja tu, na kuishika iwe bapa mpaka ikauke, ila gundi isifike kwenye jino la kwanza. Ni ya kuvukia msimu wa baridi, siyo zaidi.

Kabla hujavaa, chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, sugua meno ya pande zote mbili mpaka maji yatoke safi, kausha, kisha pitisha mshumaa mkavu juu ya meno mara moja. Usipake mafuta ya kula wala oili ya pikipiki. Yanalainisha siku mbili, siku ya tatu vumbi lote la barabara limeshikwa pale na msasa umeanza upya kwenye kichwa kipya.

Kisha vaa, funga ukiwa umesimama, hakikisha kijiti kimefika mwisho kabla hujapandisha, ulaze kishikio, na ukae kwenye pikipiki ikiwa imezimwa. Inama mbele kama unavyoinama barabarani, ukae hivyo dakika mbili. Kichwa kikishuka chenyewe, hakina kufuli, kirudishe ulikokinunua. Kikibaki juu lakini zipu ikaachia chini yake mahali palepale kila mara, weka alama ya chaki hapo, mpelekee fundi wako, na sasa mlipe hiyo elfu kumi na tano.